Mkataba wa ruzuku kwa asasi ndogo: namna ya kuusoma, kuutekeleza na kuufunga bila kudaiwa

Kila mradi unapofungwa, malalamiko ni yaleyale: "Hela yote imeingia kwenye mradi, hakuna aliyeiba hata shilingi, mbona mfadhili anatudai?" Mara nyingi wanaolalamika wanasema kweli. Kazi imefanyika na wanavijiji wanashuhudia. Lakini mfadhili halipii kazi kwa kuisikia. Analipia gharama iliyothibitishwa kwa namna mkataba ulivyotaka. Gharama isiyokidhi hilo huitwa gharama isiyokubalika, na asasi huirudisha kutoka mfukoni mwake.

Mwongozo huu ni wa asasi ya Tanzania yenye wafanyakazi wachache, mhasibu wa muda na mfadhili mmoja au wawili. Nitatumia mfano mmoja wa kutunga mwanzo hadi mwisho: asasi ya wilayani Mkinga, Tanga, imepewa ruzuku ya shilingi 48,000,000 kwa miezi 12, kuanzia Machi 1, kuwafundisha kinamama wakulima wa mwani na kuwapatia kamba na chanja za kukaushia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Rasimu ya mkataba pamoja na viambatisho vyake vyote. Kanuni za matumizi mara nyingi zimo kwenye viambatisho, na ndivyo ambavyo watu huviruka.
- Bajeti iliyoidhinishwa, toleo la mwisho, yenye namba ya kila mstari.
- Akaunti ya benki ya mradi, au angalau utaratibu wa kihasibu wa kutenganisha fedha za mradi na nyingine.
- Mwongozo wa fedha wa asasi: viwango vya posho, nani anaidhinisha malipo, kiasi gani kinahitaji ankara kifani tatu.
- Vocha za malipo zenye namba zilizofuatana, fomu za masurufu, karatasi za mahudhurio na karatasi za muda wa kazi.
- Mhuri wenye jina la mradi. Kazi yake utaiona mbele.

Kama mwongozo wa fedha hamna, uandikeni kabla ya kusaini, hata kama ni kurasa 6. Mkaguzi akikosa kanuni zenu atatumia za kwake, na za kwake huwa kali zaidi.

## Hatua ya 1: Anza kusoma kutoka kwenye kifungu cha marejesho

Usianze ukurasa wa kwanza. Kurasa za kwanza ni utambulisho na maneno ya kushukuriana. Tafuta kifungu kinachosema ni lini asasi itarudisha fedha, kisha rudi nyuma ukiangalia kila kifungu kinachokupeleka huko.

Kwa kawaida njia ni nne. Fedha iliyobaki bila kutumika mradi ukiisha. Fedha iliyotumika nje ya bajeti au nje ya muda. Fedha iliyotumika vizuri lakini uthibitisho wake haupo. Na mkataba kuvunjwa, kwa kosa lako au kwa uamuzi wa mfadhili tu.

Chukua kalamu na uandike pembeni mwa kila njia mambo matatu: mfadhili anaweza kudai kiasi gani, kwa siku ngapi, na wewe una nafasi gani ya kujibu kabla deni halijathibitishwa. Kifungu kinachosema mfadhili "anaweza kudai ruzuku yote" kwa kosa lolote ni hatari kuliko kinachosema atadai "kiasi kinachohusika na kosa hilo". Maneno hayo machache, kwa asasi ya Mkinga, ni tofauti ya shilingi 200,000 na milioni 48.

Tahadhari. Baadhi ya rasimu huwataka wajumbe wa bodi wasaini kama wadhamini binafsi wa deni. Asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 ina utu wake kisheria, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mjumbe anayesaini dhamana binafsi anaivua kinga hiyo kwa hiari yake. Kataeni.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kumweleza mwenyekiti wa bodi, bila kufungua karatasi, ni mambo gani yatawafanya mrudishe fedha.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya fedha itakavyoingia na kutoka

Hapa ndipo asasi nyingi huanza kuzama bila kujua, miezi kabla ya ukaguzi.

Rasimu ya kwanza ya mfano wetu ilisema malipo ni awamu tatu: asilimia 40, asilimia 40, na asilimia 20 ya mwisho baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Inaonekana ya haki. Lakini asilimia 20 ya milioni 48 ni 9,600,000, na fedha hiyo inakuja baada ya mradi kwisha. Maana yake asasi inatakiwa kuendesha mradi kwa zaidi ya miezi miwili kwa fedha ambayo haina. Itakopa kwa wauza kamba, itachelewesha mishahara, au itachota kwenye akaunti ya mfadhili mwingine, na hilo la mwisho ni kosa chini ya mkataba wa huyo mfadhili mwingine.

Waliomba wapewe asilimia 50, 40 na 10, wakakubaliwa. Wafadhili wengi hukubali wakionyeshwa hesabu kwenye jedwali badala ya kulalamikiwa.

Sasa angalia awamu ya pili. Matumizi ya mradi ni wastani wa milioni 4 kwa mwezi, kwa hiyo awamu ya kwanza ya milioni 24 inaisha mwisho wa mwezi wa 6. Rasimu ilisema ripoti ya nusu mwaka iletwe ndani ya siku 30 baada ya mwezi wa 6, mfadhili aipitie kwa siku 30, kisha alipe ndani ya siku 15. Jumlisha: siku 75 bila hata shilingi moja.

Dawa yake ni kuomba ripoti na maombi ya awamu ya pili viruhusiwe mara asilimia 70 ya awamu ya kwanza inapotumika. Asilimia 70 ya milioni 24 ni 16,800,000, inayofikiwa mwanzoni mwa mwezi wa 5. Zinabaki 7,200,000, zinazotosha kama siku 54. Ukiandaa ripoti kwa siku 8, ukaongeza 45 za mfadhili, unapona kwa shida. Lakini unapona.

Kama mkataba ni wa dola au yuro na matumizi yenu ni ya shilingi, hakikisha imeandikwa kiwango gani cha kubadilisha fedha kitatumika kwenye ripoti. Kilicho rahisi kuthibitisha ni kile benki ilichowapa siku fedha ilipoingia, kikitumika mpaka awamu hiyo iishe.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali la miezi 12 ambalo salio la mwisho wa mwezi halishuki chini ya sifuri popote.

## Hatua ya 3: Jadili vifungu vichache, saini, peleka nakala

Asasi ndogo huogopa kujadiliana, ikidhani mfadhili atakasirika na kuondoka. Ukiomba mabadiliko 20 atachoka kweli. Omba matatu au manne, ukipendekeza maneno yenyewe:

*"Gharama zilizotokea ndani ya muda wa mradi zitakubalika iwapo zimelipwa ndani ya siku 45 baada ya mradi kwisha."* Bila sentensi hii, mshahara wa mwezi wa mwisho na ada ya mkaguzi vinaweza kukataliwa kwa sababu vililipwa baada ya tarehe ya mwisho.

*"Mkataba ukisitishwa bila kosa la asasi, mfadhili atalipa gharama zilizokwishatokea na ahadi za kisheria zisizoweza kufutwa hadi tarehe ya notisi."* Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na asasi nyingi ndogo zilizokuwa chini ya mashirika makubwa zikaambiwa ziache kazi mara moja huku zikiwa na mishahara na pango la kulipa. Kifungu hiki hakiwezi kumfanya aliyefilisika alipe, lakini kinakupa dai lenye miguu.

*"Asasi itapewa siku 21 kujibu hoja za ukaguzi kabla ya kiasi cha kurejesha kuthibitishwa, na marejesho yatafanyika ndani ya siku 60, au kwa awamu zitakazokubaliwa."*

Ukishasaini, saa inaanza kuhesabu upande wa Serikali pia. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinaitaka asasi inayopata zaidi ya shilingi milioni 20 iwasilishe mkataba wake na mfadhili kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusaini, na itangaze hadharani fedha hizo na matumizi yake. Milioni 48 zimo ndani ya kundi hilo. Wafadhili wengi huweka sharti la kufuata sheria za nchi, kwa hiyo kuruka hatua hii ni kuvunja mambo mawili kwa mkupuo.

Utajua umefaulu ukiwa na nakala iliyosainiwa na pande zote mbili kila ukurasa, viambatisho vikiwemo, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa au uthibitisho wa mfumo kwamba mkataba umewasilishwa.

## Hatua ya 4: Tumia fedha kwa maswali manne

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayoamua kila kitu. Bajeti ya mfano wetu ilikuwa hivi:

| Mstari | Shughuli | Bajeti (Sh) |
|---|---|---|
| A | Mafunzo kwa vikundi | 18,000,000 |
| B | Kamba, chanja na vifaa | 12,000,000 |
| C | Mishahara | 11,400,000 |
| D | Usafiri na ufuatiliaji | 3,600,000 |
| E | Ofisi | 3,000,000 |

Kabla mtu hajasaini vocha, ajibu maswali manne. Je, gharama hii imo kwenye bajeti, mstari upi? Je, inatokea ndani ya muda wa mradi? Je, malipo yataonekana kwenye taarifa ya benki? Je, mtu asiyetujua, akija miaka 3 baadaye, ataamini kwa kuangalia karatasi tu? Jibu moja likiwa hapana, vocha isisainiwe.

### Kuhamisha fedha kati ya mistari

Mikataba mingi inaruhusu mstari kuzidi kwa asilimia fulani bila kibali. Kwenye mfano wetu ni asilimia 10. Mstari B unaweza kufika 13,200,000. Shilingi moja zaidi ya hapo inahitaji kibali cha maandishi, na kibali lazima kitangulie matumizi.

Bei ya kamba ilipanda katikati ya mwaka. Mratibu alimpigia simu afisa miradi wa mfadhili, akaambiwa "nunueni tu, tutaelewana". Wakanunua, B ikafika 13,800,000. Afisa yule baadaye akahama. Simu yake haikuacha alama yoyote kwenye faili, na hata angetuma ujumbe wa simu, mkataba ulimtaja mtu mwingine kabisa kuwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha.

Barua iliyotakiwa ilikuwa ya mistari mitano tu:

*"Yah: Maombi ya kuhamisha Sh 1,800,000 kutoka Mstari A kwenda Mstari B. Bei ya kamba imepanda kama inavyoonekana kwenye ankara kifani tatu zilizoambatishwa. Mafunzo ya kundi la mwisho yatafanyika kijijini badala ya mjini, hivyo Mstari A utabaki na fedha ya kutosha na idadi ya washiriki haitapungua. Jumla ya bajeti haibadiliki. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kununua."*

### Posho na mahudhurio

Mkaguzi hulinganisha karatasi mbili: ya mahudhurio na ya malipo. Majina yanatakiwa kulingana, saini zilingane, na namba za simu ziwe za kweli kwa sababu atapiga baadhi. Siku ya pili ya mafunzo, asasi yetu ililipa posho watu 30, kila mmoja 25,000, lakini mahudhurio yalionyesha watu 22. Wale 8 walikuwepo kweli. Walichelewa kwa sababu bamvua liliwapa muda mrefu shambani, na hakuna aliyewazungushia karatasi walipofika. Jumla 200,000 zikakosa mguu wa kusimamia.

Ikiwezekana lipa posho kwa simu. Taarifa ya miamala inasema nani kalipwa, lini na kiasi gani, na haiwezi kuandikwa upya usiku.

### Mishahara ya kugawana

Mratibu alikuwa wa mradi asilimia 100, kwa gharama ya 740,000 kwa mwezi, mchango wa mwajiri wa NSSF ukiwemo. Mhasibu alikuwa asilimia 30 ya 700,000, yaani 210,000 kwa mwezi. Huyu wa pili ndiye mtego. Asilimia 30 iliyoandikwa kwenye bajeti ni makadirio. Kinacholipwa ni muda aliofanya kazi kweli, na muda huo unathibitishwa na karatasi ya muda wa kazi inayoonyesha miradi yake yote, iliyosainiwa na yeye na msimamizi kila mwisho wa mwezi. Karatasi 12 zilizoandikwa kwa kalamu moja, wino mmoja, siku moja, mkaguzi huzijua kabla hajakaa.

### Kodi ya zuio

Mkufunzi mkazi wa Tanzania ana mkataba wa Sh 600,000. Unazuia asilimia 5, yaani 30,000, unazipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na yeye unamlipa 570,000. Gharama ya mradi ni 600,000, na vocha ina uthibitisho wa vipande vyote viwili. Kosa la kawaida ni kumlipa 600,000 nzima kwa kumwonea haya, kisha kulipa 30,000 juu yake. Mkataba ulikuwa wa 600,000, hivyo hizo 30,000 hazikubaliki. Faini ya kuchelewesha kodi nayo haikubaliki kwa mfadhili yeyote niliyewahi kusoma mkataba wake.

### Risiti

Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto, na ndani ya miezi zinaweza kubaki nyeupe kabisa. Zitoe nakala siku hiyohiyo, ubandike risiti na nakala kwenye karatasi moja. Usiziweke nailoni kwa mashine ya joto, zitageuka nyeusi.

Kwa bodaboda na mama lishe wasio na mashine, omba tangu kwenye mkataba kiwango kidogo, tuseme hadi 50,000 kwa malipo, ambacho kitathibitishwa kwa fomu yenye jina, simu, saini na huduma iliyotolewa.

Na sasa ule mhuri. Kila risiti halisi ipigwe mhuri "Imelipwa na mradi wa…" ili isije ikapelekwa kwa mfadhili wa pili. Gharama moja kulipwa na wafadhili wawili, hata kwa bahati mbaya, ndiyo hoja inayogeuka haraka kuwa tuhuma ya udanganyifu.

Utajua umefaulu ukichomoa vocha yoyote bila kuchagua na ukakuta ndani yake ombi, kibali, ushindani wa bei pale unapohitajika, risiti, na uthibitisho kwamba bidhaa au huduma ilipokelewa.

## Hatua ya 5: Andika ripoti ambayo hesabu na maelezo vinakubaliana

Ripoti ya fedha huandikwa na mhasibu, ya shughuli na mratibu, na mara nyingi hawaonani mpaka siku ya kutuma. Ndipo maelezo yanasema washiriki 120 wamefundishwa, na fedha inaonyesha posho za watu 150. Mfadhili akisoma hivyo, anaanza kutilia shaka hata yaliyo sahihi.

Wakae meza moja kabla ya kutuma, wapitie mstari kwa mstari. Kila mstari uliozidi au kupungua kwa zaidi ya asilimia 10 upewe sababu kwa sentensi moja au mbili. "Mabadiliko ya hali" si sababu. "Kamba ilipanda bei, angalia barua ya kibali" ni sababu.

Angalia hasa masurufu. Fedha aliyopewa mratibu kwenda kijijini bado si matumizi mpaka arejeshe hesabu na salio. Asasi nyingi huandika masurufu yote kama matumizi ili zifikie ile asilimia 70 ya kuombea awamu inayofuata. Mkaguzi akikuta ulidai umetumia 16,800,000 siku ambayo milioni 2 zilikuwa bado kwenye masurufu, tatizo linakuwa ripoti ya uongo, na hilo ni zito kuliko kuchelewa wiki mbili.

Ulinganisho wa benki ufanywe kila mwezi: salio la daftari, salio la benki, na orodha ya tofauti. Jumla ya fedha iliyopokelewa, ukitoa matumizi yaliyoripotiwa na masurufu ambayo hayajarejeshwa, ilingane na salio la daftari. Isipolingana, usitume.

Kama ripoti itachelewa, andika kabla ya tarehe kupita. Kuomba siku 10 mapema hakugharimu kitu. Kuchelewa kimya ni uvunjaji wa mkataba.

Utajua umefaulu mfadhili anapokiri kwa maandishi kwamba ameikubali. Kupokea si kukubali. Fuatilia mpaka neno la pili liandikwe.

## Hatua ya 6: Mpokee mkaguzi ukijua mipaka yake

Mkataba humpa mfadhili haki ya kukagua vitabu, kutembelea maeneo na kuzungumza na wanufaika, wakati wa mradi na kwa miaka kadhaa baadaye. Kama mfadhili wako ni shirika la kati, haki hiyo hushuka mpaka kwa mfadhili wa asili. Kumbukumbu za fedha za Serikali ya Marekani hutakiwa kutunzwa miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha. Kwa ruzuku za Umoja wa Ulaya kawaida ni miaka 5 tangu malipo ya mwisho. Hesabu haianzii siku mliyosaini.

Kabla ya kusaini hakikisha mambo haya yameandikwa: notisi ya angalau siku 10 za kazi isipokuwa pakiwa na tuhuma za udanganyifu, nani analipa ada ya mkaguzi, na kama ni asasi basi uwepo mstari wa bajeti, na kwamba vitabu vya wafadhili wengine vitaguswa pale tu panapo gharama za kugawana, kama mshahara wa yule mhasibu au pango.

Mkaguzi akifika, mpe meza, mpe mtu mmoja wa kuwasiliana naye, na andika kila karatasi anayoichukua. Usimpe faili la ziada kwa ukarimu. Wala usitengeneze karatasi iliyokosekana. Gharama isiyo na uthibitisho hurudishwa na mradi unaendelea. Uthibitisho wa kughushi huvunja mkataba wote na unaweza kuwafikisha polisi.

Kikao cha mwisho kikiisha utapewa rasimu ya ripoti. Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa, na ndipo asasi nyingi hukaa kimya. Jibu kila hoja peke yake: mnakubali au hamkubali, uthibitisho gani mnaambatisha, namba ya kiambatisho. Kwa wale kinamama 8, mafunzo yalikuwa na picha, na mwenyekiti wa kijiji angeweza kuandika barua kuthibitisha kuwepo kwao. Mikataba mingine hukubali uthibitisho mbadala wa namna hiyo, lakini hakuna atakayeuomba kwa niaba yenu.

Tahadhari. Angalia kama mkataba unamruhusu mkaguzi kukadiria. Akikagua vocha 40 kati ya 200 na kukuta asilimia 5 ya thamani yake ina kasoro, kifungu cha makadirio kinamruhusu kukata asilimia 5 ya matumizi yote. Kwenye milioni 47 hiyo ni zaidi ya milioni 2. Mkikuta kifungu hicho, ombeni nafasi ya kuonyesha vocha zote zilizobaki kabla makadirio hayajatumika.

## Hatua ya 7: Funga mradi kwa hesabu ya marejesho

Asasi yetu ilimaliza mwaka ikiwa imetumia hivi: A 15,800,000, B 13,800,000, C 11,400,000, D 3,500,000, E 3,000,000. Jumla 47,500,000. Mkaguzi akaja na hoja tatu.

Mstari B umezidi ukomo wa 13,200,000 bila kibali: 600,000. Posho za watu 8 wasio kwenye mahudhurio: 200,000. Miezi 4 ya mhasibu bila karatasi za muda wa kazi: 210,000 mara 4, sawa na 840,000. Jumla isiyokubalika ni 1,640,000, hivyo iliyokubalika ni 45,860,000.

Mfadhili alikwishalipa asilimia 90, yaani 43,200,000. Kwa hiyo awamu ya mwisho si 4,800,000 iliyotarajiwa. Si hata 4,300,000, ambayo ni matumizi halisi ukitoa fedha iliyopokelewa. Ni 45,860,000 ukitoa 43,200,000: shilingi 2,660,000. Asasi inadaiwa 4,300,000 na muuza kamba na watumishi, na ina 2,660,000 za kuwalipa. Hakuna barua ya kudai marejesho iliyoandikwa, lakini marejesho yamefanyika. Wengi hawalioni hili kwa sababu wanasubiri dai lije kwa jina lake.

Ingekuwa mfadhili amelipa zote 48,000,000 mapema, wangetakiwa kurudisha 2,140,000: zile 1,640,000 pamoja na 500,000 ambazo hazikutumika.

Pengo hilo linalipwa na nini? Si fedha ya mfadhili mwingine. Ni ada za wanachama, michango isiyo na masharti, au mapato ya asasi yenyewe. Kama hazitoshi, andika mapema kuomba kulipa kwa awamu, ukiambatisha uamuzi wa bodi na tarehe za kila malipo. Mfadhili anayeona ratiba iliyosainiwa hukubali mara nyingi kuliko anayepigiwa simu ya kuombwa huruma.

Kabla ya kufunga faili, malizeni na vifaa. Mkataba husema kama chanja na kompyuta vitabaki kwa asasi, vitakabidhiwa vikundi, au vitarudi kwa mfadhili. Kwa chanja, kila kikundi kisaini hati ya makabidhiano yenye idadi na hali ya kifaa, mwenyekiti wa kijiji akiwa shahidi.

Utajua umefaulu ukiwa na barua ya mfadhili inayosema ripoti ya mwisho imekubaliwa, kiasi cha mwisho kimelipwa au kurejeshwa, na hakuna dai lililobaki isipokuwa haki ya ukaguzi kwa miaka iliyotajwa. Barua hiyo isipokuja yenyewe, iandikie rasimu uwatumie wasaini. Ibandike mbele ya faili, na juu ya boksi uandike kwa kalamu nene mwaka ambao karatasi hizo zinaruhusiwa kuharibiwa.